Kisanduku cheusi hakifuti jina: namna ya kuondoa kweli majina na namba za konti katika PDF

Leo ninawaletea kosa langu mwenyewe, ili lisaidie wengine.

Mwaka uliopita chama chetu kiligawa msaada wa minervali kwa wanafunzi 43, kila mmoja dolari 50. Feza yote ilikuwa dolari 2150. Kama munavyojua, feza ikitoka tu maneno inaanza: nani alipata, nani alikula, sababu gani fulani hayuko kwenye liste. Komiti ikaamua kwamba liste itawekwa kwenye grupu ya WhatsApp ili kila mutu aone tarehe, kiasi na totali, lakini majina ya wanafunzi, namba za konti zao na sababu ya kusaidiwa zifichwe. Mimi njo nilikuwa sekretere. Kazi ikaanguka kwangu.

Liste ilikuwa tablo ya Word. Nilibonyeza `Insertion`, kisha `Formes`, nikachora kisanduku cheusi juu ya jina la kwanza, nikakikopye mupaka mustari wa 43. Nikafanya vile vile kwa namba za konti na kwa ile kolone ya sababu. Nilitumia saa nzima kuvipanga vizuri. Kisha nikageuza yote kuwa PDF, nikaifungua kwenye telefone: nyeusi tupu, hakuna herufi hata moja. Nikatuma saa tatu ya usiku, nikalala na roho safi.

Asubuhi nikakuta mesaji ya mudogo mumoja wa L2, amenitumia pembeni, si kwenye grupu.

«Yaya, samahani kukusumbua usiku. Nilitaka kukopye ile totali nitumie mama yangu. Nimechagua page nzima, nimekole, majina yote inatoka. Namba za konti pia. Na ile ya sababu. Toa ile fishie haraka, yaya.»

Sikuamini. Nikafungua PDF kwenye ordinatere, nikafanya `Ctrl+A`, `Ctrl+C`, nikafungua Bloc-notes, nikafanya `Ctrl+V`. Wote 43 wakajipanga pale mbele yangu, jina, konti, na pembeni ya jina: «baba alikufa», «anatibiwa», «alifukuzwa kwenye nyumba». Hiyo kolone njo iliniumiza zaidi. Kuna dada mumoja alitueleza shida yake akiwa ametuomba isitoke nje ya komiti, na mimi niliitangaza mbele ya watu zaidi ya mia mbili.

Nikafuta mesaji kwa wote. Lakini mutu aliyekwisha kuipakua anabaki nayo, na hakuna namna ya kuifuata kwenye telefone yake. Siku tatu baadaye mwanafunzi mumoja wa ile liste akapigiwa simu na mutu asiyemujua. Alimuita kwa jina lake kamili, akamutajia namba yake ya konti, akamuambia kwamba chama kinataka kumuongezea dolari 30, amutumie tu ile kode iliyoingia kwenye telefone. Bahati nzuri alikata simu na kutupigia sisi. Siwezi kuapa kwamba yule mwizi alipata namba kwenye fishie yangu. Lakini siwezi kuapa kwamba hakuipata pale.

Sasa tuone kilichotokea ndani ya ile PDF, juu ukiielewa sehemu hii, mengine yote yanakuja yenyewe.

Wengi tunawazaka kwamba PDF ni kama foto ya karatasi. Hapana. PDF ni sawa na liste ya amri ambazo programu inasoma moja kwa moja wakati wa kuchora ukurasa: andika maneno haya mahali hapa, chora mustari pale, paka rangi hapa. Ninatengeneza mufano mudogo, wenye jina la uongo na namba ya uongo. Ndani ya PDF ukurasa wangu ulikuwa na kitu kama hiki:

```
BT /F1 11 Tf 72 700 Td (JINA MFANO 00011-22334) Tj ET
0 0 0 rg
70 695 240 16 re f
```

Mustari wa kwanza unasema: anza maandishi, chukua fonte ya saizi 11, nenda mahali fulani, andika «JINA MFANO 00011-22334». Wa pili unasema: chukua rangi nyeusi. Wa tatu unasema: chora kisanduku chenye upana 240 na urefu 16, kijaze rangi. Macho yako yanaona tokeo la mwisho, kisanduku juu ya jina. Lakini ule mustari wa kwanza haukuguswa. Uko pale, muzima. Unapokopye, programu haiangalii rangi wala haijali nini kiko juu ya nini. Inaenda kwenye amri za kuandika, inachukua maneno, inakupa.

Ni kama kuweka sahani juu ya karatasi iliyo kwenye meza. Mutu akiangalia kutoka juu haoni kitu. Mutu akiinua sahani, anasoma.

Na kuna sahani nyepesi kuliko hiyo yangu. Ukifungua PDF katika programu ya kusomea tu na kuchora kisanduku kwa kalamu yake ya komantere, kile kisanduku hakiingii hata katika ukurasa wenyewe. Kinabaki kitu cha pembeni, kama karatasi ndogo iliyobandikwa. Mutu anakibonyeza, anabonyeza `Delete`, kinatoka. Hakuna haja ya kukopye. Kubadilisha herufi ziwe nyeupe juu ya ukurasa mweupe ni mule mule, na kupaka sirlinyaji nyeusi juu ya herufi nyeusi pia.

Musifikiri kosa hili ni la sekretere wa chama kidogo tu. Mwaka 2005 jeshi la Amerika lilitoa PDF ya ripoti juu ya kifo cha Nicola Calipari, mukubwa wa upelelezi wa Italia aliyepigwa risasi na askari wa Amerika huko Bagdadi. Sehemu za siri zilikuwa zimefunikwa nyeusi. Watu wa Italia walikopye na kukole, wakasoma sehemu zilizofichwa pamoja na majina ya askari. Na tarehe 8 Januari 2019, maavoka wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, walipeleka karatasi kwenye tribinali huko Washington ikiwa na mistari myeusi. Wanahabari wakafanya kopye-kole, na siku ile ile dunia ikasoma kile maavoka walitaka kuficha. Hao ni watu wanaolipwa vizuri kwa kulinda siri.

Kabla sijafika kwenye dawa, kuna mutego mumoja ulionipata mara ya pili. Baada ya ile aibu, nilitengeneza PDF ingine, nikaifungua na Bloc-notes moja kwa moja, bila programu ya PDF, nitafute majina ndani. Niliona alama za ajabu tu, kama fishie imeoza. Nikafurahi: majina hayako! Kumbe karibu kila PDF ya leo inaminya amri zake ili fishie iwe nyepesi. Maneno yako pale, lakini yamekunjwa, na Bloc-notes haijui kuyakunjua. Programu ya PDF inajua. Kwa hiyo kutoona jina ndani ya fishie mbichi si ushahidi wa kitu chochote.

Dawa ya kwanza, na mimi ninaipenda kuliko zote, ni kurudi kwenye fishie ya mwanzo. Kama liste ni yako na uko na Word au Excel yake, usifiche kitu kwenye PDF. Fanya kopi ya ile Word, toa kabisa majina, toa namba, toa kolone ya sababu, kisha tengeneza PDF mupya kutoka kwenye hiyo kopi. Kitu ambacho hakikuingia hakiwezi kutoka. Njo vile tulifanya kwa liste yetu. Mahali pa jina tuliweka kode, na kila mwanafunzi alitumiwa kode yake peke yake, ili aangalie mustari wake na kuhakikisha kwamba kiasi ni kweli.

Hapa ninaomba mukae kidogo, juu tulitaka kukosea tena. Liste yetu ya kwanza ilipangwa kwa alfabeti. Kama ningeweka kode 01 mupaka 43 kwa mupangilio ule ule, mutu anayejua wanafunzi wachache tu waliosaidiwa angeanza kuhesabu: huyu anaanza na A, basi ni 01 ao 02, yule anaanza na Z, ni wa mwisho. Tulikata vikaratasi 43, tukavichanganya ndani ya kofia, na kila jina likapata kode kwa bahati. Kisha liste ikapangwa kwa kode. Karatasi yenye jina na kode pamoja inabaki kwa mutunza feza, kwenye karatasi, si kwenye telefone.

Lakini si kila mara uko na fishie ya mwanzo. Pamoja na liste, tulitakiwa kuonyesha releve ya banki, page tatu, kama ushahidi kwamba feza ilitoka kweli. Ile PDF ilitoka banki ikiwa tayari, na ndani kulikuwa namba ya konti ya chama na majina ya watu waliopokea. Hapo tulitumia dawa ya pili: kugeuza ukurasa kuwa foto kweli, kisha kupaka nyeusi kwenye foto.

Foto ni vidoti vya rangi tu. Haina amri ya kuandika jina. Ukipaka nyeusi na kuihifadhi, vile vidoti vilivyochora jina vinabadilishwa na vidoti vyeusi, na vya zamani haviko tena mahali popote. Kwenye Linux, ukisha kuweka `poppler-utils` na `img2pdf`, kazi ni mistari miwili. Huu wa kwanza unatoa foto moja kwa kila ukurasa:

```
pdftoppm -r 200 -jpeg releve.pdf ukurasa
```

Unapata `ukurasa-1.jpg`, `ukurasa-2.jpg` na `ukurasa-3.jpg`. Ile 200 ni wingi wa vidoti kwa kila inchi. Ukurasa wa A4 unatoka na vidoti karibu 1654 kwa 2339, namba ndogo zinasomeka vizuri na fishie haiwi nzito sana kwa kutuma. Kisha unafungua kila foto na programu ya kuchora, unachora kisanduku kilichojazwa nyeusi kabisa, unahifadhi. Mwisho unazirudisha kuwa PDF moja:

```
img2pdf ukurasa-1.jpg ukurasa-2.jpg ukurasa-3.jpg -o releve-public.pdf
```

Mwenye Windows anaweza kupiga foto ya ekrani, kuipaka kwenye Paint, kuihifadhi, kisha kuchagua foto zote pamoja, `Imprimer`, na kuchagua `Microsoft Print to PDF`. Mwenye telefone peke yake, na ninajua njo wengi wetu, anapiga foto ya ekrani ya kila ukurasa, anapaka, anahifadhi, na anatuma foto bila hata kutengeneza PDF. Lakini angalieni kalamu munayotumia kwenye telefone. Nyingi zinapaka rangi inayopitisha mwanga kidogo, hata kama jicho linaona nyeusi. Mutu akiongeza mwangaza wa ile foto, namba zinajitokeza polepole kama mutu anayetoka kwenye ukungu. Kupita mara tatu na ile kalamu hakuponyi. Tumia umbo lililojazwa rangi nzima, si kalamu.

Na musifiche namba kwa kuifanya ukungu-ukungu ao vidoti vikubwa-vikubwa, vile tunaonaka kwenye sura za watu kwa televizio. Namba iko na tarakimu 10 tu za kuchagua, 0 mupaka 9. Mutu anaweza kujaribu kila tarakimu, kuitia ukungu ule ule, na kulinganisha. Nyeusi haimupi kitu cha kulinganisha.

Dawa hii iko na bei yake: hakuna mutu atakayetafuta neno ndani ya ile PDF ao kukopye hata totali. Kwa releve ya page tatu si shida. Kwa ripoti ya page mia moja ni shida kubwa, na mwenzetu asiyeona vizuri, anayesomewa na telefone, hatasikia kitu.

LibreOffice nayo inafanya kazi ya aina hii yenyewe, bure, tangu 2019: fungua fishie, nenda `Outils`, kisha `Caviarder` (kwenye ordinatere ya Kiingereza ni `Tools`, `Redact`). Inakupa ukurasa wa kuchora juu yake. Wakati unafanya kazi visanduku vinaonekana vya kijivu na bado unasoma chini yake. Usiogope, ni kwa kukuwezesha kuhakikisha mahali umefunika. Ukitoa PDF kwa buto la hiyo kazi yenyewe, vinakuwa vyeusi ao vyeupe kabisa na ukurasa unageuka foto. Ukitoka kwa njia ingine ya kawaida ya kutoa PDF, umetoka na sahani juu ya karatasi.

Dawa ya tatu ni ya programu zinazojua kutoa maneno yenyewe kwenye ukurasa na kuacha mengine yasomeke. Acrobat Pro, ile ya kulipa, iko nayo. Acrobat Reader ya bure haina. Kwa wenye kujua Python, iko bure katika PyMuPDF:

```python
import pymupdf
doc = pymupdf.open("releve.pdf")
n = 0
for page in doc:
    for r in page.search_for("00011-22334"):
        page.add_redact_annot(r, fill=(0, 0, 0))
        n += 1
    page.apply_redactions()
print(n)
doc.save("public.pdf", garbage=4)
```

Ninawaonyesha hii kode hata kwa wasioandika programu, juu ya jambo moja: kazi iko na hatua mbili. `add_redact_annot` inaweka alama tu, inasema «hapa patafutwa». `apply_redactions` njo inafuta. Acrobat Pro iko vile vile: unachagua sehemu, kisha ni lazima ubonyeze buto la kutekeleza. Watu wengi wanaweka alama, wanaona kisanduku, wanahifadhi, wanatuma. Hakuna kilichofutwa. Mutu ananunua programu ya bei kali na anafika pale pale nilifika na Word yangu.

Ile `print(n)` niliiweka kwa sababu. Programu inafuta kile ilichopata tu, na isipopata haikuambii. Kwenye releve yetu namba moja ya konti ilikuwa imeandikwa na nafasi katikati, si na kistari. Nilitafuta yenye kistari, nikahesabu kwa macho mahali tano, programu ikaniambia 4. Hiyo ya tano ingeenda kwenye grupu. Tena angalia mistari iliyo karibu karibu: herufi yoyote inayoguswa na kisanduku inaenda pia, hata kama ni ya mustari wa chini. Hesabu kiasi na tarehe zako baada ya kazi. Na usihifadhi juu ya fishie ile ile. Programu nyingi za PDF, ukibonyeza `Enregistrer` tu, zinaongeza mabadiliko mwishoni mwa fishie na kuacha hali ya zamani mbele yake, na mutu mwenye ufundi anairudisha. `Enregistrer sous`, na jina jipya, kila mara.

Neno moja kwa wanaoskane karatasi. Unaweza kusema: yangu ni foto, mimi niko salama. Si lazima. Programu nyingi za kuskane zinasoma herufi kwenye foto na kuweka maneno yasiyoonekana katika ukurasa, ili uweze kutafuta. Foto inaonekana, maneno yanakaa pamoja nayo, hayana rangi. Ukipaka foto nyeusi ndani ya ile PDF, yale maneno hayajui habari hiyo. Alama yake ni rahisi: kama PDF ya skane inakuruhusu kuchagua neno na kidole, kuna maneno yaliyofichwa.

Sasa kuhakikisha. Mutu anayetuma asiwe yeye peke yake anayehakikisha. Mimi niliangalia kazi yangu na niliipenda. Mupe mwenzako PDF ya mwisho, ile ile itakayotumwa, si ile iliyo kwenye Word, na umuombe atafute namna ya kuipasua. Aanze na kuchagua yote, kukopye na kukole kwenye Bloc-notes. Kisha aandike katika `Ctrl+F` jina moja lililofichwa, na tarakimu nne tu za mwisho za konti, juu namba nzima inaweza kuwa imekatwa na nafasi. Kwenye Linux ni hivi:

```
pdftotext releve-public.pdf - | grep -i "2334"
pdfinfo releve-public.pdf
```

Komande ya kwanza isitoe kitu. Ya pili inaonyesha titre na jina la aliyetengeneza. Mara ingine titre ya fishie njo jina lenyewe tulilotaka kuficha, limebaki pale kutoka kwenye Word. Mwisho abonyeze kila kisanduku aone kama kinachaguliwa, kinasogea ao kinafutika. Kikisogea hata kidogo, fishie inarudi kazini.

Ninaongeza kwamba tangu 2023 inchi yetu iko na Kode ya Nimeriki, Ordonansi-Lwa namba 23/010 ya tarehe 13 Machi, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya kulinda habari za watu. Jina pamoja na namba ya konti ni habari za mutu. Chama kidogo nacho kinashika habari za watu.

Hata fishie iliyofutwa vizuri inaweza kusema kitu. Urefu wa kisanduku unaonyesha kama jina ni fupi ao refu, na kama umebaki na watu watatu wa kudhani, hiyo inatosha. Kwenye releve tulivifanya visanduku vyote kuwa na upana mumoja, kutoka ukingo mupaka ukingo wa kolone. Na pale niliacha tarakimu tatu za mwisho za konti zionekane «kwa kuhakikisha», mutunza feza wetu aliniuliza: nani anahitaji kuhakikisha? Nilikosa jibu, nikafunika zote.

Yule dada wa ile kolone ya sababu nilienda kumuona nyumbani. Sikumutumia mesaji. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama ile fishie ya zamani bado iko kwenye telefone yangu. Ilikuwa bado iko. Tuliifuta pale mbele yake, kwenye grupu ya komiti, kwenye e-mail na kwenye kle yangu ya USB, ambako nilikuwa nimeisahau.